Gini ya mafungu matano: inatosha au haitoshi?

"Mwalimu, shikamoo. Kwa takwimu zilezile za zoezi nimepata Gini 0.352, mwenzangu kapata 0.366. Nani amepatia?" (mwanafunzi wa kozi ya maendeleo, Tanga)

Marahaba. Gini ni kipimo cha ukosefu wa usawa wa kipato, ambapo 0 ni usawa kamili. Wewe umepatia. Mwenzako inategemea kapita wapi, maana 0.366 inafikiwa kwa njia mbili, na moja ni kosa.

Katika zoezi, asilimia 20 ya kaya maskini zaidi inapata shilingi 7 katika kila 100 ya kipato chote, kisha 11, 15, 21, na fungu la juu 46. Ukijumlisha kwenda juu: 7, 18, 33, 54, 100. Kwenye karatasi ya grafu, mraba wa sentimita 10, anzia kona ya sifuri, kisha kila sentimita 2 weka nukta kwenye kimo cha 0.7, 1.8, 3.3, 5.4 na 10. Unganisha kwa rula. Huo ndio mkunjo wa Lorenz. Hesabu inafuata, kila namba ndani ya mabano ikiwa jumla ya vimo viwili jirani:

```
G = 1 - 0.2 × (0.07 + 0.25 + 0.51 + 0.87 + 1.54) = 0.352
```

Aliyesahau nukta ya sifuri anaipoteza ile 0.07 na kuangukia 0.366. Mpime hivi: ampe kila fungu 20. Jibu lazima liwe 0, akipata 0.04, sifuri kairuka.

Njia ya pili ni halali. Rula huchukulia kwamba kaya zote ndani ya fungu moja zinalingana, wakati fungu la juu linaweza kumweka mwalimu wa sekondari pamoja na mwenye malori bandarini. Ikiwa ile 46 imegawanyika 16 na 30, ongeza nukta ya asilimia 90 kwenye kimo cha 7. Gini inapanda hadi 0.366, sawa na lile kosa kwa sadfa tu.

Wanaotetea mafungu matano wana hoja nzito: mwanafunzi anaona kila hatua kwa macho yake, na miaka miwili ikikokotolewa kwa njia moja inaonekana kulinganishika. Hapo mwisho ndipo ninaposita kidogo. Upungufu wa Gini hii haulingani kila mahali. Kilele kikijitenga zaidi, upungufu huo unakua. Hata fungu la juu likichukua kila kitu, Gini hii haivuki 0.8.

Kwa hiyo darasani naitetea, lakini iandikwe "si chini ya 0.352", na isiwekwe kando ya Gini iliyokokotolewa kwa kaya moja moja. Angalia pia kilichopimwa. Gini zinazotokana na tafiti za bajeti ya kaya nchini kwa kawaida hukokotolewa kwa matumizi, si kipato. Mvuvi wa Pangani hupata nyingi msimu huu na chache ule, ila chakula cha nyumbani hakipandi na kushuka kiasi hicho, hivyo Gini ya matumizi kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kipato.