Kumpa mpinzani hoja yake kamili kwenye tasnifu

Tasnifu nyingi nilizosoma zinazotetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari Tanzania huwapa wapinzani aya moja tu: wanaotaka Kiingereza wana kasumba ya kikoloni. Baada ya hapo ni kuwachapa mpaka mwisho wa sura. Mimi mwenyewe ni wa Kiswahili, lakini huko ni kuchonga kinyago kisha kujisifu kwamba umekiangusha.

Kinyago hicho unakitambua upesi. Aya haina jina la mtu wala andiko, na "kasumba" inamsema mtu bila kugusa sababu aliyoitoa. Wakati wenye sababu wapo. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kutazama upya elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu wa Kiingereza kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakachunguza Kiingereza cha wanafunzi, wakakikuta duni sana, na bado wakashauri kibaki. Serikali nayo ikabaki na Kiingereza. Hao ndio wa kujibiwa.

Tuseme mwanafunzi ametunga mtihani wa Biolojia kwa lugha mbili, na wa kidato cha pili wamefanya vizuri zaidi kwa Kiswahili. Kabla ya kushangilia, aandike ukurasa mzima wa upande wa pili bila neno "lakini". Kwa nguvu zake zote, hoja ile inasema hivi: mtoto wa mwenye nacho atapata Kiingereza hata iweje, kwa kuwa anasoma shule binafsi. Wa shule ya kata anakipata darasani tu. Ukikiondoa kwenye masomo mengine akabaki na vipindi vya somo la Kiingereza peke yake, umempanulia pengo.

Hapo ndipo utamu ulipo, maana matokeo ya Biolojia hayaijibu hoja hiyo hata kidogo. Yanapima uelewa, hoja yenyewe inazungumzia usawa. Ila imesimama juu ya dhana moja inayopimika, kwamba kufundishwa kwa Kiingereza kunampa mtoto Kiingereza. Basi mtafiti aingie darasani, arekodi vipindi, ahesabu nani anasema nini kwa lugha gani. Akikuta mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika notisi kwa Kiingereza, na wanafunzi wananakili kimya, amepata jibu linalomfikia mpinzani. Akikuta watoto wanakizungumza kweli, itabidi apunguze dai lake.

Nguvu hiyo nayo ina mpaka. Usimbunie mpinzani hoja ambayo hakuna aliyewahi kuitoa, na usiwabebe wote. Mmoja au wawili wenye uzito wanatosha. Suala la ajira, kwa mfano, data hizi hazifiki huko. Mwanafunzi aliseme wazi mapema, kwa sababu siku ya utetezi mtahini ataliuliza.