Ni Saini Tu, Kaka

Tangu jana saa mbili asubuhi mimi ni mtu mwenye roho mbaya. Hakuna aliyeniambia usoni, ila leo mama wa chapati kanisalimia salamu fupi, ya kukatika katikati kama umeme wetu, nikajua habari zimefika. Mtaa huu maji hayafiki, gari la taka halifiki, lakini habari ya mtu aliyekataa kusaini inafika kabla chai yake haijapoa.

Jumapili ni siku yangu jamani. Wiki nzima nabanwa kwenye daladala, konda ananiambia "sogea nyuma mzee, nyuma kweupe," na huko nyuma kuna mtu kampakata mtu wasiyejuana. Jumapili ndiyo navaa msuli, naketi barazani kwenye kiti changu cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, nami naitwa mwenye nyumba. Hapo ndipo jamaa alipopiga hodi.

Jamaa mwenyewe si ndugu. Rafiki pia siwezi kusema. Tulikaa benchi moja msibani mwaka juzi, mvua ikanyesha, nikamsogezea mwavuli. Tangu hapo tukipishana ni "mkuu," "naam mkuu," kila mtu na njia yake. Jina la baba yake nimelijua jana, kwenye fomu. Kaja kachomekea, mkononi nanasi kwenye mfuko, kwapani bahasha ya kaki. Nilipoliona nanasi nikafurahi. Nilipoiona bahasha nikajua nanasi lina bei.

"Kaka," akaanza. Juzi nilikuwa mkuu, jana nimeshakuwa kaka. "Benki wamenikubalia mkopo."

"Hongera."

"Milioni kumi."

"Hongera sana."

"Kimebaki kitu kidogo tu. Mdhamini. Ni saini tu, kaka."

Akatoa fomu. Imeshajazwa! Jina langu lipo kwa herufi kubwa, limekosewa herufi moja. Ninapofanyia kazi kajaza. Kwenye mshahara kaacha wazi, kwa adabu. Kilichobaki ni picha mbili za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha NIDA, hati za mshahara za miezi mitatu, na barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba naishi ninapoishi. Kalamu kaja nayo. Kaitoa kifuniko, kailaza juu ya karatasi, ncha inaniangalia mimi.

Nikamwambia mwanangu alete miwani. Jamaa hakupenda. Ukitaka kumjua mtu anayekuletea karatasi ya kusaini, agiza miwani.

"Aa kaka, hayo maandishi madogo ni ya wanasheria."

Ndiyo maana nayasoma! Ya kwangu yangekuwa makubwa.

Nikasoma kwa sauti, kwa heshima zote, kama nasoma risala. Mdhamini atawajibika kwa deni lote sawasawa na mkopaji, pamoja na riba, faini na gharama za kulikusanya. Nikavuta pumzi. Benki haitalazimika kumfuata mkopaji kwanza. Hapo nikavua miwani nikaifuta, labda ni uchafu. Si uchafu. Watu wengi tunadhani mdhamini ni tairi la akiba, linalala kwenye buti mpaka la mbele lipasuke. Wapi! Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema dhima ya mdhamini inalingana na ya mdaiwa, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Na mkataba wenyewe ulikuwa umesema vinginevyo kweli, ila kwa kuongeza: nadhamini mkopo huu "na mingine yote atakayopewa baadaye." Maana yake mwakani akiongezewa milioni tano, mimi nimelala zangu, na mimi nimeongezewa.

"Hiyo ni fomu tu, kaka. Kila mtu anasaini."

"Unafanyia nini hela?"

Uso ukamng'aa. Kuku. Kuku wa mayai, mia tano. Akanipigia hesabu kwa vidole: kuku mia tano ni mayai mia tano kwa siku, kwa mwezi elfu kumi na tano. Kuku wa jamaa hawaumwi, hawapumziki, na mwezi wenye siku thelathini na moja wanatoa bonasi. Nikamuuliza, unanunua wakubwa? Hapana, vifaranga, ndiyo nafuu.

Sasa mimi si mfugaji, lakini marehemu mama alifuga. Kifaranga wa mayai hakuletei yai kesho. Anaanza kutaga akiwa na wiki kumi na nane, ishirini, miezi minne na nusu hivi, na hapo ni kimoja kimoja, tena vidogo. Muda wote huo anakula kama ana harusi. Nikamuuliza, rejesho la kwanza benki lini? Akasema siku thelathini baada ya kupokea hela. Nikamuuliza, na mwezi wa kwanza wale vifaranga watakupa nini? Akafikiri. Akasema, "Mbolea."

Nikageuza kalenda ya mwaka jana, nikapiga hesabu mgongoni mwake. Milioni kumi, riba asilimia 18 kwa mwaka, miezi 24, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Rejesho ni laki tano kasoro kidogo, 499,000 na ushee kila mwezi. Mwezi wa kwanza, katika hiyo laki tano, laki moja na nusu inakwenda kwenye riba; deni lenyewe linapungua laki tatu na nusu tu. Kabla ya yai la kwanza atakuwa amelipa marejesho manne, akichelewa matano. Matano ni karibu milioni mbili na nusu, inayotoka wapi? Inatoka kwenye ile ile milioni kumi! Yaani anakopa benki ili ailipe benki, chakula cha kuku kinapungua, kuku akipungukiwa chakula anachelewa kutaga. Na hapo ugonjwa wa kideri haujapita.

Tuseme baada ya hayo matano akashindwa. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu yake mwenyewe: umeshatoa milioni mbili na nusu, lakini deni bado ni milioni nane na laki mbili, faini hatujazitaja. Nani analipa?

"Mungu hawezi kuruhusu hilo, kaka."

Mungu hajasaini hapa! Nimesema hivyo, nimejikuta nimesimama, msuli nimeushika kwa mkono mmoja. Mama watoto akachungulia. Jirani akazima redio yake ili asikie vizuri.

Kwa sababu mimi nimeshasaini, nyie hamjui. Mwaka 2017 nilimdhamini mwenzangu wa ofisini kwenye SACCOS, tukiwa wadhamini watatu. Mtu mpole, anakunywa maji ya uvuguvugu. Mwezi wa sita akaacha kazi, simu ikawa haipatikani mpaka kesho. Akiba yangu ikazuiwa, mshahara wangu ukakatwa miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne nakula maharage ya mtu mwingine! Nikija kumwona ni kwenye harusi, ananipungia mkono kutoka meza ya mbele, na mimi mchango wa ile harusi nilitoa.

Jamaa akaona saini ngumu, akabadilisha gia. "Basi kama mshahara ni tatizo, weka hata hati ya hii nyumba. Ni kivuli tu, hawaigusi." Hapo mama watoto akatoka jikoni na mwiko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzio. Mama watoto kifungu hakijui. Aliuliza tu, "Nyumba ipi?" mara moja, kwa sauti ya chini, na hoja ya hati ikafungwa bila kupigiwa kura.

Nikaketi. Nikarudisha heshima yangu. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi nina kipimo changu. Nikimdhamini mtu nahesabu nimekopa mimi, hela kala yeye. Kwa hiyo najiuliza, hili deni naweza kulilipa lote peke yangu bila kumwondoa mtoto shule? Milioni nane siwezi. Milioni moja siwezi. Ninachoweza kupoteza mwaka huu nikalala usingizi ni laki moja na nusu. Hiyo nakupa mkononi leo, hata usirudishe. Halafu mwenyewe ninataka kuomba mkopo wa bati mwakani. Deni lako likilala, jina langu linaweza kuingia kwenye taarifa za wakopaji wabaya, niende benki nimechomekea kama wewe, wanitazame kwenye kompyuta watikise kichwa. Kama unataka ushauri, anza na kuku hamsini wanaokaribia kutaga, benki uwafuate una mayai mkononi.

Nilidhani nimesema vizuri. Hata afisa mikopo angenipa soda.

Jamaa akakunja fomu taratibu, mikunjo minne, kama anakunja bendera. "Laki na nusu," akasema. "Haya. Kumbe mtu unaweza kumjua miaka miwili na usimjue." Miaka miwili! Mwavuli mmoja! Tena mwavuli ulikuwa wangu!

Akasimama. Macho yakaenda kwenye meza, yakatafuta nanasi. Mama watoto alishalikata zamani, watoto wana mikono inayonata hadi viwikoni. Tukatazamana. Nikasema, "Karibu kipande." Akasema ameshiba. Laki na nusu aliichukua lakini, nikiri hilo, akaihesabu langoni.

Na hakwenda nyumbani. Nilimwona kasimama kwa fundi viatu, mkono mmoja unaonyesha kwangu. Baadaye kwa fundi cherehani. Mpaka saa nne nimeshakuwa tajiri mwenye milioni nane ndani ya godoro. Jioni mjumbe mwenyewe kapita, kaniuliza kwa upole kama mambo ni mazuri siku hizi, na mchango wa ulinzi shirikishi wa miezi mitatu nadaiwa mimi peke yangu au na mwingine. Kundi la familia nalo halikuniacha: kamati ya harusi ya binamu imeniweka kwenye orodha ya "wazee wenye uwezo." Luku inalia piii, piii, tangu magharibi, na mwenye uwezo anatazama namba zinavyoshuka.

Kalamu yake aliisahau. Leo asubuhi mtoto kaichukua afanyie kazi ya nyumbani, kakwangua karatasi mpaka ikatoboka. Haina wino. Nikavaa ndala kwenda kwa Mangi kununua nyingine, nikakumbuka ana jero langu la chenji tangu Jumatano. Nikamwambia akate humo humo. Kanitazama, kacheka, kasema, "Mzee, wewe wa kudai jero?"