Ulimi Ukikwama, Tazama Sentensi

Msomaji akijikwaa mbele ya maikrofoni, studio nzima humtazama yeye. Anaambiwa anywe maji, avute pumzi, arudie. Mimi nahariri skripti za vipindi vya redio, na msimamo wangu ni kwamba mara nyingi tunamwonea. Akikwama palepale mara tatu, kosa si la mdomo wake. Limeandikwa kwenye karatasi, na lilipaswa kuondolewa kabla hajakaa kitini.

Kiswahili kina mtego wake, nao ni upatanisho wa kisarufi unaotufanya turudierudie silabi moja. Watoto wanauchezea kwenye vitanza ndimi: wale wari wa liwali wala wali wa liwali. Katika skripti mtego huo hujificha ndani ya lugha ya ofisini. Hii ni sentensi iliyonifikia katika skripti ambayo mwandishi alikwisha kuikamilisha:

"Wawakilishi wa wawekezaji wa viwanda vya samaki wamesisitiza kusitishwa kwa usafirishaji nje ya nchi wa samaki wasiosindikwa."

Kwa macho haina shida. Isome sasa kwa sauti, kwa kasi ya kipindi. Nasema kwa sauti kwa sababu kunong'ona hakusaidii: ukinong'ona, z hufifia ikakaribia s, na dh ikakaribia th, kwa hiyo hutajua ulimi ungeteleza wapi. Kusoma polepole nako kunaficha ubovu. Tena asisome mwandishi mwenyewe, maana anajua neno linalokuja, naye hulipita bila kulisoma. Mpe mtu mwingine, wewe shika penseli na upige mstari chini ya kila neno analolirudia.

Msomaji wetu alikwama mara mbili. Kwanza "wawakilishi wa wawekezaji wa", ambapo "wa" zimebanana hadi ulimi unasahau ya ngapi imeshatamkwa. Pili, kuanzia "wamesisitiza" hadi mwisho, s na sh zinapokezana karibu katika kila neno: sisitiza, sitishwa, safirishaji, samaki, siosindikwa. Ulimi unatoka kwenye meno, unarudi nyuma kidogo, unakwenda tena mbele. Mahali fulani lazima utokee "usafirisaji".

Wengi hapa hutafuta visawe. Nami nilianza hivyo, nikaweka "samaki wabichi" badala ya "wasiosindikwa". Ni kosa la maana, kwa kuwa minofu inayotoka kiwandani nayo ni mibichi. Nikajaribu "samaki wazima". Msikilizaji angedhani wako hai! Hapo ndipo mhariri anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko popote, kwa sababu sentensi inayoteleza vizuri lakini inasema jambo jingine ni mbaya kuliko ile ya kwanza.

Dawa haikuwa kisawe. Ilikuwa kuyarudisha majina kuwa vitenzi. "Kusitishwa kwa usafirishaji wa" ni vitendo viwili vilivyovishwa nguo za nomino, na kila nomino inadai kihusishi chake. Ukiuliza nani anataka nani asifanye nini, mnyororo unakatika wenyewe:

"Wenye viwanda vya samaki wamerudia kauli yao kupitia kwa wawakilishi wao: samaki ambaye hajapita kiwandani asipelekwe tena nje ya nchi."

Nilimpigia mwandishi kuhakikisha kwamba wawekezaji aliowataja ndio wenye viwanda, na kwamba kweli walikwisha kulisema jambo hilo kabla. Angesema sivyo, nisingeandika "wenye" wala "wamerudia". Kisha msomaji akaanza sentensi moja nyuma, akapita hadi moja mbele, kwa sababu marekebisho huweza kuzaa mgongano mpya pale yanapoungana na maneno ya jirani.

Yako maneno usiyoruhusiwa kuyagusa: majina ya watu na mahali, vyeo, na maneno uliyoyanukuu. "Halmashauri ya Wilaya ya Rorya imelalamikia ukarabati wa barabara ya lami" inamtesa mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l. Rorya haibadiliki, lakini majirani zake wanabadilika. Nikiandika "Halmashauri ya Wilaya ya Rorya haijaridhika. Inasema matengenezo ya barabara ya lami..." jina linapata nukta ya kupumulia karibu yake, na "imelalamikia ukarabati" imeondoka. Kwa msomaji ambaye r na l hazimsumbui, ningeiacha "ukarabati" kama ilivyo. Ndiyo maana huwa nauliza kwanza ni nani atakayesoma, ndipo nafungua skripti.