Fimbo ikiwekwa chini, mwalimu ashike nini?

Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa tu, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa kibali cha maandishi, na adhabu hiyo iandikwe kitabuni. Anayepita asubuhi mbele ya baadhi ya shule za Nyamagana au Ilemela, jijini Mwanza, akawaona wachelewaji wamepangwa foleni wakisubiri fimbo ya mwalimu wa zamu, anajua kuwa kanuni na lango la shule ni vitu viwili tofauti.

Walimu wanaoitetea fimbo si watu wakatili, na hoja yao haifai kubezwa. Mwalimu mmoja mwenye darasa lililofurika, madaftari ya kusahihisha na kipindi kinachokwisha anaona fimbo inamaliza jambo kwa nusu dakika, na mzazi mwenyewe amemwambia, "Mwalimu, mchape tu." Ukimnyang'anya fimbo hiyo bila kumpa kingine, atachapa kwa kujificha, au atanyamaza na kuwaacha wakorofi watawale. Wengine hubadilisha maumivu tu: badala ya fimbo, mtoto anapiga magoti juani au anafyeka nyasi wakati wenzake wanasoma, na hilo linaitwa adhabu mbadala.

Njia mbadala yenyewe ni kazi yenye hatua. Tuchukue mfano wa darasa la sita: msichana amepoteza shilingi 1,000 za daftari, alizopewa na mama yake anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na mvulana wa dawati la nyuma anakutwa nazo. Mwalimu aliyefundishwa hamsimamishi mvulana mbele ya darasa. Anaongea naye faraghani, baada ya hasira yake mwenyewe kutulia, na kumuuliza kwa mpangilio: nini kilitokea, ulikuwa unafikiria nini wakati ule, nani ameumia, na nini kifanyike ili mambo yakae sawa. Haanzi na "kwa nini uliiba?", kwa kuwa swali hilo humfundisha mtoto kutunga utetezi. Kisha anamsikiliza msichana peke yake, na anawakutanisha tu ikiwa msichana ameridhia. Ikiwa sehemu ya fedha imeshatumika, wanakubaliana namna ya kuirudisha kidogo kidogo bila kumtuma mvulana kuiba kwingine, maana yake mzazi wake huenda akahitaji kuitwa. Mwalimu anaandika makubaliano na kuyafuatilia Ijumaa inayofuata.

Mazungumzo hayo yanaharibika kwa urahisi. Mwalimu asiye na mafunzo huyageuza kuwa mahojiano ya polisi, au hulazimisha neno "samahani" ambalo mvulana hulitamka huku akimkodolea macho mwenzake. Dalili ya kwanza ni kwamba mkosaji anajibu anachodhani mwalimu anataka kusikia. Ya pili ni kwamba aliyeumizwa anaogopa zaidi baada ya kikao kuliko kabla yake. Aidha, si kila kosa ni la kuzungumza: kisu au shambulio la kingono lina njia zake za kisheria, na kumketisha mwathirika na mkosaji hapo ni kumwongezea jeraha.

Basi mafunzo yawe ya aina gani? Hapa ushahidi haupendezi pande zote. Huko Luwero, Uganda, mpango uliohusisha mkuu wa shule, walimu na wanafunzi kwa mwaka mmoja na nusu ulipunguza kwa asilimia 42 hatari ya mwanafunzi kupigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia, kama utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulivyoonyesha. Lakini katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mpango mwingine uliowakutanisha walimu wenyewe katika vikundi, wajifunze kutawala hasira na kuendesha darasa, haukuleta tofauti iliyopimika. Mazingira ya kambi si ya shule ya Mwanza, ila kwa maoni yangu semina ya siku mbili hotelini, yenye posho na vitini, isitarajiwe kufanya kile ambacho hata vikao vingi vilishindwa.

Jambo la kuanzia lipo tayari: vikao vya MEWAKA, ambapo walimu wa shule moja hukutana kujiendeleza kazini. Huko walimu wawili wanaweza kuigiza kesi ya ile shilingi 1,000, wa tatu akahesabu mara ambazo mwalimu alimkatiza mtoto, na wiki inayofuata wakaleta kesi halisi bila kutaja jina la mwanafunzi. Lakini zoezi hilo litakufa iwapo ratiba haimpi mwalimu wa nidhamu hata kipindi kimoja cha kuketi na mtoto, na mkuu wa shule bado anapima utulivu wa darasa kwa ukimya wake. Mzazi naye anahitaji kuelezwa katika kikao cha wazazi kwamba mtoto asiyechapwa shuleni hajaachwa tu, na kwamba akiitwa kwa ajili ya fedha ile, haji kumchapa mwanawe mbele ya ofisi.