Kupasua nodi njiani: faida na gharama ya kushuka mara moja

Katika mti wa 2-3-4, kila nodi hubeba funguo 1 hadi 3, na majani yote hukaa kina kimoja. Ufunguo mpya ukikuta jani limejaa, jani hupasuliwa na ufunguo wake wa kati hupandishwa kwa nodi mzazi. Mzazi ikiwa imejaa, nayo hupasuliwa, na kazi yaweza kurudi juu hadi kwenye mzizi. Mwaka 1978 Guibas na Sedgewick walieleza njia ya kuikwepa safari hiyo: unaposhuka, kila nodi yenye funguo 3 unaipasua papo hapo. Kwa kuwa mzazi ilishashughulikiwa, daima ina nafasi ya kupokea ufunguo wa kati.

Faida yake ni ya kweli. Huhitaji kukumbuka nodi ulizopitia wala kuweka pointa ya kurudi kwa mzazi. Nyuzi kadhaa zikifanya kazi pamoja, unafunga mzazi na mtoto tu. Ukishashuka, kufuli la juu unaliachia.

Gharama huonekana kwenye mfano mdogo. Ingiza 10, 20, 30 hadi 80 kwa mfuatano, utapata mti huu:

```
[20 40 60]
[10] [30] [50] [70 80]
```

Sasa ingiza 25. Jani `[30]` lina nafasi, hivyo anayepasua kwa kurudi juu angeandika `[25 30]` na kumaliza. Anayepasua njiani anakuta mzizi umejaa, anaupasua, na mti unaongezeka ngazi:

```
[40]
[20] [60]
[10] [25 30] [50] [70 80]
```

Hata kama ungeingiza 30, ambayo tayari imo, mzizi ungepasuliwa vilevile.

Je, huo ni upotevu mkubwa? Kwa mti unaoingiziwa tu, sioni hivyo. Kila upasuaji huzaa walau nodi moja mpya, na kila nodi ina walau ufunguo mmoja. Basi jumla ya upasuaji haiwezi kuzidi idadi ya funguo.

Hoja hiyo huvunjika ufutaji ukiingia. Ufutaji wa kushuka mara moja huunganisha nodi zenye ufunguo 1 kabla ya kuendelea. Futa 25 katika mti wa pili: `[20]`, `[40]` na `[60]` zinaungana, na unarudi kwenye mti wa kwanza hasa. Ingiza 25 tena, mzizi unapasuka tena. Katika mti mrefu, mvutano huu waweza kugusa ngazi kadhaa kwa kila operesheni, na kwenye diski kila upasuaji ni kurasa kadhaa za kuandika upya.

Kwa hiyo mti wa kwenye kumbukumbu, wenye ufutaji haba, ningeupasua njiani bila kusita. Pale funguo zinapoingia na kutoka mfululizo, ningekubali kurudi juu, kwa sababu njia hiyo hupasua pale tu jani lililojaa linapolazimisha.