Kurudi kwenye mitandao baada ya miaka kumi: CCNA upya au AWS?

"Kaka, nilifanya kazi ya mitandao miaka sita hapa Dar. CCNA nilipata mwaka 2013, na kabla ya hapo MCSA ya Windows Server 2008. Mwaka 2015 niliacha kazi kulea watoto na kumuuguza mama. Sasa nataka kurudi. Akiba yangu inatosha mtihani mmoja, nikijibana sana miwili. Nihuishe vyeti vya zamani, au niachane navyo nichukue cha AWS ambacho kila mtu anakitaja?"

Dada, tuanze na hilo neno kuhuisha, maana limewapotosha wengi. CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, huishi miaka mitatu. Ndani ya muda huo unaweza kuihuisha kwa kukusanya pointi 30 za mafunzo endelevu yanayotambuliwa na Cisco, au kwa kufaulu mtihani mwingine wao. Siku ya mwisho ikipita, njia hiyo imefungwa. Kama hukufanya mtihani wowote hapo katikati, ya kwako iliisha mwaka 2016, na kuirudisha ni kukaa mtihani mzima wa sasa, 200-301, kwa dola 300 kabla ya kodi, sawa na kijana ambaye hajawahi kushika ruta. MCSA haina hata nafasi hiyo. Microsoft ilifunga mitihani ya mwisho ya MCSA Januari 31, 2021, na Windows Server 2008 yenyewe iliacha kupata masahihisho ya usalama ya kawaida tangu Januari 2020. Ukitaka kurudi upande huo, mlango mmojawapo ni AZ-104 ya Azure, wingu la Microsoft, na hapo hakuna cha zamani cha kuhuisha.

Kinachobaki mezani, basi, ni mitihani miwili: CCNA kwa dola 300, au AWS Solutions Architect wa ngazi ya Associate, cha wingu la Amazon, kwa dola 150.

Wanaokusukuma kwenye AWS wana hoja ya kweli. Bei ni nusu. Kampuni zinazoanza leo nyingi hazinunui seva, zinakodi, na matangazo yao ya kazi yanaitaja AWS kwa jina. Kazi ya wingu unaweza kuifanya ukiwa nyumbani, jambo ambalo kwa mtu mwenye mzazi wa kumtunza si dogo. Tena cheti kipya cha kitu kipya kinamwonyesha mwajiri kwamba hukulala miaka yote hiyo. Anayekushauri hivyo hakupotoshi.

Ila ushauri huo unachukulia kwamba ulichojifunza kabla ya 2015 kimeoza, na hapo ndipo ninapoachana nao. Nimepitia mada za CCNA ya sasa nikizilinganisha na za wakati wako. Fremu Relei, iliyokuwa ikitutoa jasho, haimo tena. EIGRP haimo. Kilichoongezwa ni usimamizi wa waifai kwa kontrola, usalama zaidi, na sehemu ya kuendesha vifaa kwa programu: kusoma JSON, kuelewa API, kujua Ansible na Terraform hufanya nini. Sehemu hiyo ya mwisho ni asilimia 10 ya mtihani. Kiini chake, yaani kugawa anwani, VLAN, njia za ruta, OSPF na orodha za ruhusa, ni kilekile ulichokifanya kwa mikono miaka sita. Mlima uliobaki mbele yako si mrefu kama unavyouona kutoka chini.

Usiniamini kwa maneno, jipime. Pakua Packet Tracer, ni ya bure ukifungua akaunti kwenye Networking Academy ya Cisco. Weka ruta moja ya 2911, swichi moja na kompyuta nne. Tengeneza VLAN 10 na VLAN 20, kompyuta mbili kila upande, na ruta iwe ndiyo inayopitisha mawasiliano kati yao. Usifungue maandishi yoyote kwa saa mbili. Upande wa ruta, VLAN 10 inatakiwa ifanane na hivi:

```
interface GigabitEthernet0/0
 no shutdown
interface GigabitEthernet0/0.10
 encapsulation dot1Q 10
 ip address 192.168.10.1 255.255.255.192
```

Hakika kitu kitagoma, na namna kinavyogoma ndiyo itakayokuambia umebakiwa na nini. Ukiandika anwani kabla ya mstari wa `encapsulation`, ruta itaikataa. Kompyuta za VLAN moja zikipata `ping` kati yao lakini hazifiki kwenye ruta, angalia `show ip interface brief`: ukiona `administratively down`, umesahau `no shutdown` kwenye mlango mama. Ruta ikiwa sawa na bado hakuna kinachopita, nenda kwenye swichi uandike `show interfaces trunk`. Isipotoa kitu, mlango unaoelekea kwenye ruta umebaki wa kawaida, haujawekwa `trunk`. Na kama VLAN 20 inapita ila 10 imekwama, linganisha namba ya `dot1Q` na namba ya VLAN kwenye swichi.

Ukijikuta umesahau amri lakini unajua hasa pa kwenda kutazama, msingi wako uko hai. Amri hurudi ndani ya wiki chache. Ukijikuta hujui hata uanzie wapi, yaani picha ya pakiti inavyosafiri imefutika, basi CCNA kwako ni somo jipya kama AWS ilivyo, na sehemu kubwa ya hoja yangu inapungua nguvu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi kwa wanaorudi kazini, nalo ni foleni wanayojipanga. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara kadhaa. Mwombaji akija na cheti cha AWS peke yake bila siku moja ya kazi ya AWS, wasifu wake unawekwa kwenye rundo la vijana waliomaliza chuo mwaka huu wakiwa na cheti kilekile. Hakuna anayemwonea; kwa wingu, kweli hana uzoefu. Ile miaka sita ya mitandao inabaki chini kabisa ya ukurasa, imekaa peke yake na tarehe za zamani, na msomaji anaipita. Lakini akija na CCNA ya mwaka huu juu ya miaka sita ya kazi ileile, vitu viwili vinashikana. Msimamizi haoni tena mwanafunzi. Anaona fundi aliyeondoka na amerudi, na ameshathibitisha kwamba mikono bado inafanya kazi. Swali la "ulikuwa wapi miaka yote hii?" bado ataulizwa, ila litaulizwa kwa sauti nyingine. Mshahara nao huanza kujadiliwa kutoka pale alipoishia.

Hili halionekani kwenye hesabu ya dola 150 na dola 300. Miezi unayoweza kupoteza kwenye foleni isiyo yako inagharimu zaidi ya tofauti hiyo ya ada.

Na kwa kuwa wingu linasemwa kama nchi nyingine kabisa, acha nioneshe mfano mmoja. Ofisi ya Dar inatumia anwani za 10.0.0.0/16. Kijana anafungua mtandao wa kampuni ndani ya AWS, anauwekea 10.0.0.0/16 hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwenye mafunzo. Kisha anaunganisha ofisi na AWS kwa VPN. Skrini inaonyesha kwamba njia imewaka, kila kitu kijani. Lakini kompyuta ya ofisini haifiki kwenye seva ya 10.0.4.20. Kijana anachunguza fayawoli, anafungua milango yote, anaizima na kuiwasha VPN, siku inakwisha. Wewe, dada, ungeona kosa kabla hata ya kukaa: pande zote mbili zinadai anwani zilezile, kwa hiyo kompyuta inamtafuta 10.0.4.20 humohumo ofisini na wala haipeleki pakiti kwenye VPN. Tena AWS haikuruhusu kubadilisha anwani kuu ya mtandao huo ukishaufungua. Unaweza kuongeza nyingine, ila kulitoa gongano lenyewe upande wa AWS ni kujenga mtandao mpya na kuhamisha seva.

Mwenye msingi wa CCNA akisoma AWS anakutana na vitu anavyovijua kwa majina mapya, na tofauti chache za kukariri. Kwa mfano, /28 kwenye swichi yako inakupa anwani 14 za kutumia, kwenye AWS zinabaki 11 kwa sababu wao wanajiwekea tano kila kipande. Anayekwenda njia ya pili, AWS kwanza bila msingi, mara nyingi hufaulu mtihani akijua majina ya huduma, na hukwama siku ya kwanza ambayo pakiti haifiki.

Yako mazingira ambayo ningekuambia tofauti. Ukiwa na ahadi ya kazi kwenye kampuni ambayo haina swichi hata moja, chukua AWS kesho. Ukikusanya matangazo 20 ya kazi ambazo kweli ungeziomba, za mahali unapoweza kufika asubuhi baada ya kupeleka watoto shule, ukakuta karibu yote yanataja wingu na hakuna linalotaja ruta wala swichi, soko limeshasema na mimi sina la kubishana nalo. Lakini yasome kweli. Watoa huduma za intaneti, benki zenye matawi, hospitali, vyuo, bandari, wote wana nyaya, swichi na waifai ndani ya majengo yao, na wingu haliwezi kupachika kebo kwenye paneli.

Kwa akiba uliyonayo, ningeanza na CCNA. Jipime kwanza wiki hii kwenye Packet Tracer, na usilipie mtihani mpaka uweze kujenga ile VLAN mbili bila kutazama popote na kugawa 192.168.10.0/24 vipande vinne kichwani. Ukifeli, Cisco wanakutaka usubiri siku tano na ulipe dola 300 nyingine nzima, ndiyo maana haraka hapa ni ghali. Zile dola 150 za AWS ziache zisubiri mshahara wa kwanza. Waajiri wengine hulipia mitihani ya watu wao, kwa hiyo uliza siku ya usaili. Kwenye wasifu, CCNA mpya iandike juu kabisa na mwaka wake, chini yake weka ile ya 2013 ukisema wazi kwamba muda wake uliisha, na MCSA iache mahali pake kwenye miaka uliyoitumia kazini.