Eksirei safi ya siku ya tatu haimtoi mtoto kwenye hatari ya osteomailaitisi

Kama eksirei ya siku za mwanzo haionyeshi osteomailaitisi, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya mfupa, kwa nini tunaendelea kumpiga mtoto picha badala ya kuanza dawa moja kwa moja?

Wanaouliza hivi wana hoja. Mzazi analipia picha, mtoto anageuzwageuzwa mguu unaouma, na majibu yanarudi yameandikwa "hakuna tatizo la mfupa". Mtoto anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani huku usaha ukiendelea kujaa ndani ya mfupa. Hapo picha imeleta madhara, kwa sababu imempa daktari utulivu asiostahili kuwa nao.

Hata hivyo naamini picha ipigwe, na ipigwe siku ile ile. Kosa liko kwenye swali tunaloiuliza.

Eksirei inaonyesha madini ya mfupa. Usaha wenyewe hauonekani. Kwa mtoto, bakteria, mara nyingi Stafilokokasi aureasi, hufika kwa njia ya damu na kutua karibu na bamba la ukuaji, pale mfupa mrefu unapoanza kupanuka kuelekea kwenye kiungo. Mishipa midogo ya hapo ina mikunjo ambamo damu hupita polepole, na bakteria hupata nafasi ya kuota. Siku 2 au 3 za mwanzo kuna uvimbe na usaha ndani ya uroto, mtoto anaungua homa, lakini madini bado yapo karibu yote. Inakadiriwa kwamba lazima asilimia 30 hadi 50 ya madini ya sehemu husika ipotee ndipo jicho lione weusi kwenye picha. Hilo huchukua siku 10 hadi 14.

Periosti, utando unaofunika mfupa kwa nje, nayo ina ratiba yake. Kwa mtoto utando huu haujashikamana sana na mfupa, hivyo usaha unaopenya kutoka ndani huubandua kwa urahisi. Ukishabanduka, chembe za upande wake wa ndani huanza kutengeneza mfupa mpya. Siku za kwanza mfupa huo hauna chokaa ya kutosha, kwa hiyo hauonekani. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 10 ndipo unajitokeza mstari mwembamba mweupe unaokwenda sambamba na ukingo wa mfupa, ukitenganishwa nao na ufa mwembamba mweusi. Kwa watoto wachanga unaweza kuwahi kidogo.

Chukua mtoto wa miaka 7 aliyeanguka akicheza mpira. Kesho yake analalamika maumivu juu kidogo ya goti, nyumbani wanamchua wakidhani ameteguka. Siku ya tatu ana homa ya nyuzi 39 na hakubali kukanyaga. Picha ya mbele na ya ubavu zinapigwa, mfupa wa paja hauna ufa wala doa. Wengi watasoma mpaka hapo. Lakini ukiongeza mwanga kwenye picha ya ubavu na kutazama nyama iliyo nyuma ya mfupa, mstari mweusi wa mafuta uliopaswa kuwa wazi karibu na mfupa umefifia na kusukumwa nje. Ukilinganisha na mguu usiouma, tofauti inaonekana. Uvimbe wa nyama za ndani kabisa, zinazogusa mfupa, ndiyo dalili ya mapema zaidi ambayo eksirei inaweza kutoa, na huweza kuonekana ndani ya siku 3. Maambukizi ya ngozi peke yake huvuruga zaidi mafuta ya chini ya ngozi, yale ya ndani yakabaki safi.

Mtoto huyo huyo akirudishwa nyumbani na kuja tena siku ya 12, picha haibishaniwi: mstari wa periosti uko kwenye ukingo wa nje wa paja, na juu ya bamba la ukuaji mfupa umetobokatoboka kama mbao iliyoliwa na wadudu. Ila sasa usaha umeshabandua utando kwa urefu mkubwa, umekata damu inayoingia kutoka nje, na kipande cha mfupa kinaweza kufa na kubaki ndani, kikilisha kidonda kinachotoa usaha kwa miezi.

Ndiyo maana nasema waliouliza wako sahihi kwa jambo moja kubwa: dawa isisubiri picha ibadilike. Mtoto mwenye homa, asiyekanyaga, mwenye maumivu ukibonyeza sehemu moja juu ya mfupa, na CRP iliyopanda, atibiwe kama ana osteomailaitisi. CRP na ESR ni vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukipambana na maambukizi: CRP hupanda ndani ya saa chache, ESR huchelewa. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kwanza, na usaha uvutwe kwa sindano kama upo, kisha dozi ya kwanza ya kloksasilini au dawa inayotumika hospitalini hapo iingie siku hiyo. Palipo na ultrasaundi, itumike kutafuta majimaji chini ya periosti, kwani huyaona mapema kuliko eksirei. Lakini usaha ulio bado ndani ya mfupa hauoni, hivyo ultrasaundi safi nayo haimalizi mjadala. MRI huonyesha uvimbe wa uroto ndani ya siku 1 au 2, ila mtoto mdogo huhitaji dawa ya usingizi ili atulie, na wengi hawako karibu na mashine hiyo.

Kazi ya picha ya siku ya tatu, basi, ni kutafuta mvunjiko, kutafuta saratani ya damu au ya mfupa inayojifanya maambukizi, na kuweka kumbukumbu ya kulinganisha na picha ya siku ya 10 hadi 14. Taarifa yake itaje siku ya ugonjwa. "Siku ya 3, hakuna badiliko la mfupa, nyama za ndani zimevimba, haiondoi osteomailaitisi" ni sentensi moja tu, lakini inamzuia tabibu wa zamu kumruhusu mtoto.

Upande wa pili wa hatari ni kuona periosti na kudhani kila mstari ni usaha. Kwa mtoto wa miezi 1 hadi 6, mstari mwembamba usiozidi milimita 2, ulio sawa miguu yote miwili na katikati ya mfupa, kwa kawaida ni ukuaji tu. Mwenye selimundu hupata mstari huo huo baada ya mfupa kukosa damu, jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko maambukizi, na picha peke yake haiwezi kutenganisha hayo mawili. Hapo usaha na damu ya kuotesha ndivyo huamua, na bakteria aina ya Salmonela wawekwe akilini wakati wa kuchagua dawa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni saratani ya mfupa iitwayo Ewing. Nayo huleta homa, ESR ya juu, mfupa uliotobokatoboka na periosti yenye tabaka juu ya tabaka. Mwendo husaidia kidogo: maambukizi hubadilisha picha kwa siku, Ewing mara nyingi kwa wiki na miezi. Tofauti hiyo haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa, kwa hiyo daktari wa upasuaji akifungua mfupa, sampuli iende maabara mbili, ya kuotesha bakteria na ya patholojia, hata kama kilichotoka kinafanana kabisa na usaha.